Thamista inasema 38, chumba kiko nyuzi 25: kosa liko wapi?

*"Habari za kazi, fundi. Niko Mbarara, natengeneza mashine ya kutotolesha mayai kwa Arduino Uno. Nimefunga thamista ya 10K na rezista ya 10K. Kwenye barafu analogRead ilinipa 789, kwenye maji yanayochemka 76, basi nikaandika map(x, 789, 76, 0, 100). Barafu inasoma 0 na maji yanayochemka yanasoma 100 sawasawa, ila nikiiacha mezani skrini inasema 38 wakati kipimajoto cha ukutani kinasema 25. Nimebadilisha thamista mara mbili, bado ni yale yale. Aliyeniuzia anasema labda zote ni feki. Ninunue kihisi gani?"*

Nzuri, ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza. Vihisi vibovu vitatu visingekosea kwa kiasi kile kile, kila kimoja kingekuwa na ubovu wake. Unaweza kuhakikisha sasa hivi bila kutoa shilingi. Futa map() kwa muda na uonyeshe hapo mezani namba ghafi ya analogRead, ile ya 0 hadi 1023 inayowakilisha volti 0 hadi 5. Thamista ni rezista ambayo ukinzani wake hubadilika kwa joto, na ya 10K imepewa jina hilo kwa sababu kwenye nyuzi 25 ina omu 10,000. Rezista yako nayo ina 10,000. Wawili wenye uzani sawa hugawana volti nusu kwa nusu, kwa hiyo utaona namba iliyo karibu na 512. Ukiiona, thamista ni nzima na waya ziko sawa. Sasa ipitishe 512 kwenye map() yako: 789 kutoa 512 ni 277, zidisha kwa 100, gawanya kwa 713, jibu ni 38.8. Desimali inakatwa kwa sababu map() haijui desimali, inabaki 38. Ndiyo hiyo unayoiona kwenye skrini. Mashine imefanya hesabu uliyoiambia, bila kukosea hata kidogo.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadhani thamista inatembea kwa hatua zilizo sawa, na haifanyi hivyo.

Ndani ya ile punje nyeusi mna oksidi za metali kama manganisi, nikeli na kobalti. Chembe zinazobeba umeme ndani yake zimefungwa, na joto ndilo linalozifungua. Kila nyuzi moja ikiongezeka, ukinzani hupungua kwa sehemu ya kile kilichobaki, si kwa kiasi kile kile kila mara. Ni kama mtu anayekula kila siku sehemu moja ya ishirini ya kilichobaki guniani: siku ya kwanza anachota kingi, baada ya miezi mitatu anachota kiganja. Kwa thamista ya kawaida ya 10K ambayo B yake, namba inayosema ukinzani hupungua kwa kasi gani, ni 3950, ukitoka nyuzi 0 kwenda 1 unapoteza karibu omu 1,730. Ukitoka 25 kwenda 26 unapoteza kama 430. Ukifika 95, nyuzi moja inaondoa omu 23 tu.

Rezista uliyoifunga nayo inasaidia kunyoosha mambo, ingawa wengi hawaioni kazi yake hiyo. Kwa sababu analogRead haisomi omu, inasoma mgao wa volti kati ya thamista na rezista, yale maporomoko makali ya upande wa baridi hulainishwa. Kwenye nyuzi 0, nyuzi moja husogeza analogRead kwa kama hatua 9.6. Kwenye 25 ni hatua 11.4, kwenye 37.5, joto la kutotoleshea, ni 9.8. Si mbaya, zinakaribiana. Lakini kwenye 95 ni hatua 2 tu. Mchoro wake umejikunja kama herufi S iliyolazwa, umenyooka kiasi katikati na kulala mwishoni. Map() yako, kwa kuwa ilipewa ncha mbili tu, imegawa hatua 713 kwa nyuzi 100 ikapata 7.1 kila mahali. Hakuna mahali pengi thamista yako inapotembea kwa 7.1. Ndiyo maana ncha zote mbili zinakubali na kila kitu cha katikati kinadanganya. Kukagua kwenye barafu na kwenye maji yanayochemka peke yake hakuwezi kukuonyesha kosa hili, kwa sababu ndizo nukta ulizotumia kuchora mstari.

Kuna kosa la pili, dogo zaidi, na hili linatokana na mahali unapokaa. Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Hata Kampala hayafiki 100, yanaishia kama 96. Kwa hiyo ile 76 uliyoisoma ilikuwa ya nyuzi 95, wewe ukaiandika 100. Lakini usilitupie mlima lawama zote: ukirekebisha na kuandika 95, mezani utasoma karibu 37 badala ya karibu 39. Nyuzi mbili za mwinuko, nyuzi 12 za mkunjo. Barafu inayoyeyuka, kwa upande wake, haijali mlima. Ni 0 Mbarara na ni 0 Mombasa, na kwa hiyo nukta yako ya barafu tunaibakiza.

Ungeweka mayai kwa hesabu hiyo, mashine ingeona 38 tangu asubuhi, isingewasha balbu hata mara moja, na mayai yangekaa siku 21 yakiwa baridi kama meza.

Sasa tuinyooshe. Njia ziko mbili zinazokufaa.

Ya kwanza ni kubaki na mstari ulionyooka, ila uuchore pale tu unapoutumia, na uchague rezista inayokalisha sehemu iliyonyooka ya S mahali pako pa kazi. Mashine yako haihitaji kujua nyuzi 0 wala 95, inahitaji 30 hadi 45. Ukiweka rezista ya 4.7K badala ya 10K, thamista hiyo hiyo itakupa kama 646 kwenye nyuzi 30 na 492 kwenye 45. Katikati ya namba hizo mbili ni 569, na thamista kwenye 37.5 inasoma 569. Mstari umepita juu yake kabisa. Jaribu hivyo hivyo na 10K: 456 kwenye 30, 310 kwenye 45, katikati yake ni 383, lakini thamista kwenye 37.5 inasoma 379. Kosa ni karibu nusu nyuzi, na kwa mayai nusu nyuzi ya kila siku si jambo dogo. Kwa hiyo rezista peke yake inaweza kukufanyia kazi ambayo wengine wanaifanya kwa mistari ishirini ya programu.

Ya pili ni kuacha mkunjo ulivyo na kuukunjua kwa hesabu ndani ya chipu. Mimi kwa mashine yako ningechagua hii. Arduino Uno ina nafasi ya kutosha kufanya logi moja kila sekunde mbili, rezista ya 10K tayari unayo, na kama kesho utataka kupima joto la chumba au la maji, hesabu haitakuangusha. Zaidi ya hapo, 4.7K hupitisha umeme mwingi zaidi kwenye thamista, na hilo lina gharama yake, tutalifikia. (Kama ungekuwa na chipu ndogo sana isiyo na nafasi ya logi, ungeandika jedwali la kila nyuzi tano na kuchora vistari vifupi kati yake. Ni njia ya heshima, ila kwako haina sababu.)

Hesabu yenyewe inahitaji vitu viwili: nukta moja unayoiamini, yaani omu fulani kwenye joto fulani, na ile namba B inayosema mkunjo ni mkali kiasi gani. Watu wengi huchukua nukta ya nyuzi 25 na B ya 3950 kwa sababu ndivyo mfuko wa duka ulivyoandikwa. Usifanye hivyo. B ya kweli hutofautiana kati ya thamista na thamista, na hata kwenye thamista moja haiko sawa sawa kutoka baridi hadi moto. Ukitia nanga kwenye 25 na B ikawa imekosewa kwa 85 tu, kwenye 37.5 utakuwa umekosea kama nyuzi 0.3. Lakini ukitia nanga pale pale mayai yanapokaa, B ikosewe kwa kiasi hicho hicho, kosa lako kwenye 37.5 halitaonekana hata kwa darubini. Hesabu hii ni sahihi kabisa kwenye nanga na inaanza kuyumba kadiri unavyokwenda mbali nayo.

Nanga hiyo unaipata kwenye duka la dawa. Kipimajoto cha homa cha kidijitali kimetengenezwa kuwa sahihi kati ya nyuzi 35 na 42, na kwa kawaida huandikwa kwamba kosa lake halizidi 0.1. Hakuna kifaa cha bei hiyo kitakachokufaa zaidi kwa inkubeta. Chukua chupa ya chai, ile inayotunza joto, uitie maji ya vuguvugu ya kama nyuzi 38. Funga thamista na ncha ya kipimajoto pamoja kwa uzi, visiachane hata sentimita moja. Miguu ya thamista ifunike kwanza kwa gundi ya moto au mpira wa kubana, la sivyo maji yatapitisha umeme kati yake na utasoma joto la uongo. Tumbukiza, koroga, subiri dakika tatu, usome vyote viwili kwa pamoja. Kumbuka kipimajoto cha homa hushikilia joto la juu kabisa kililoliona, kwa hiyo kila unaposoma upya kizime na kukiwasha tena.

Na hapa kuna jambo ambalo lingenisaidia sana kama mtu angeniambia zamani: usipime omu za thamista kwa multimita. Pima kwa mzunguko wako mwenyewe, ule ule utakaokaa kwenye mashine. Rezista yako inaweza kuwa imeandikwa 10K na kumbe ni 9,700. Ukitumia namba ya analogRead kupata omu, na baadaye ukatumia mzunguko ule ule kupata joto, kosa la rezista linaingia pande zote mbili na kujifuta. Ukichanganya multimita na mzunguko, halijifuti. Hivyo hivyo kwa volti: rezista ikila kutoka kwenye volti 5 zile zile ambazo Arduino inazitumia kama kipimo, zikishuka hadi 4.8 zinashuka kwa wote, na mgao unabaki pale pale. Usihangaike kupima volti.

Nikupe mfano wa thamista niliyo nayo mezani. Kwenye barafu iliyopondwa, na maji kidogo tu ya kujaza mianya, nilipata 783. Omu zake ni 10,000 mara 783 gawanya kwa 240 (hiyo 240 ni 1023 kutoa 783), yaani 32,625. Kwenye chupa ya chai, kipimajoto kikisema 38.0, nilipata 375, ambayo ni omu 5,787. B ni logi asilia ya 32,625 gawanya kwa 5,787, kisha ugawanye kwa tofauti ya 1/273.15 na 1/311.15. Kwenye kikokotoo tumia kitufe cha `ln`, si cha `log`. Ya kwanza inatoa 1.7295, ya pili 0.00044711, na B ni 3868. Mfuko ulisema 3950. Haukudanganya, B yake ilipimwa kati ya joto jingine.

Rezista sasa usiiunganishe kwenye volti 5 za kudumu, iunganishe kwenye pini 7. Thamista ibaki kati ya A0 na ardhi.

```cpp
const float RF = 10000.0; // rezista
const float R0 = 5787.0;  // thamista kwenye nanga
const float T0 = 311.15;  // 38.0 + 273.15
const float B  = 3868.0;

float somaJoto() {
  digitalWrite(7, HIGH);
  delay(5);
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 16; i++) jumla += analogRead(A0);
  digitalWrite(7, LOW);
  float a = jumla / 16.0;
  if (a < 20 || a > 1000) return NAN;
  float r = RF * a / (1023.0 - a);
  return 1.0 / (1.0 / T0 + log(r / R0) / B) - 273.15;
}
```

Ndani ya `setup()` weka `pinMode(7, OUTPUT)`. Badilisha R0, T0 na B kwa namba zako, na uzipime ukitumia pini 7 hiyo hiyo, kwa kuwa pini nayo ina ukinzani wake mdogo na tunataka ujifute pamoja na mwingine. Kwenye Arduino `log` ni logi asilia, usiiguse. Kusoma mara 16 na kuchukua wastani kunatuliza namba inayorukaruka, maana hatua moja ya analogRead hapa ni sehemu ya kumi ya nyuzi.

Kwa nini pini 7? Umeme ukipita kwenye thamista muda wote, thamista yenyewe inapata joto. Kwa 10K na volti 5, ikiwa kwenye 37.5, inakula kama miliwati 0.6. Ni kidogo, lakini punje hizo ndogo zikiwa kwenye hewa iliyotulia hupanda takriban nyuzi moja kwa kila miliwati mbili, kwa hiyo ingejipasha kama 0.3. Kwa 4.7K ingekuwa zaidi ya mara mbili. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kwenye chupa ya chai: maji hulichukua joto hilo mara moja, unaona kila kitu kiko sawa, kisha ukihamia hewani ndipo linapojitokeza. Nililitafuta siku nzima kwenye programu kabla ya kugundua kwamba programu haina hatia. Ukiwasha kwa milisekunde chache kila sekunde mbili, punje haipati muda wa kupata joto.

Mstari wenye 20 na 1000 usiuondoe kamwe. Waya wa thamista ukikatika, A0 inavutwa juu hadi 1023, na kwa hesabu 1023 ni baridi kali kuliko kilele cha Rwenzori. Mashine itawasha balbu na haitaizima. Mayai yataiva, na boksi la mbao linaweza kushika moto. Kwa hiyo `somaJoto()` inarudisha NAN, maana yake "sijui". Lakini NAN nayo ina mtego: kuilinganisha na namba yoyote hutoa jibu la hapana. Kama umeandika "ikiwa chini ya 37.3 washa, ikiwa juu ya 37.7 zima", NAN haitaingia upande wowote, na rilei, ile swichi inayowasha balbu, itabaki ilivyokuwa, labda ikiwa imewaka. Baada ya `float t = somaJoto();` andika kwanza kabisa `if (isnan(t))` na uzime balbu hapo. Kisha ijaribu kweli: mashine ikiwa imewaka, chomoa waya wa thamista kwa mkono na utazame balbu. Isipozimika, usiweke mayai.

Ukimaliza, rudisha thamista kwenye chupa ya chai yenye nyuzi 36, kisha 40, ulinganishe na kipimajoto cha homa. Hizi si nukta ulizotumia kwenye hesabu, kwa hiyo zina haki ya kukuhukumu. Tofauti ikiwa ndani ya 0.2, hesabu imekaa. Ikiwa tofauti ni ile ile kwenye 36 na 40, ulikosea kusoma nanga, rudia. Ikiwa moja ni juu na nyingine ni chini, B yako si sahihi, na mara nyingi sababu ni barafu iliyokuwa na maji mengi. Ikiwa namba inapanda yenyewe polepole ukiwa majini, maji yameingia kwenye miguu.

Mahali pa kuiweka ndani ya boksi pia panahesabika: usawa wa mayai, mbali na balbu na isiguswe na mwanga wake moja kwa moja. Nyuzi 37.5 ni za mashine yenye feni inayozungusha hewa. Bila feni, hewa ya juu na ya chini hutofautiana sana, na hapo hupimwa usawa wa juu ya mayai na kulengwa nyuzi 38.3 hadi 38.9.

Yote niliyoeleza ni ya volti 5, ukikosea unapoteza muda. Upande wa balbu ni volti 240, na huo sitakuelekeza kwa maandishi. Mtafute fundi umeme wa hapo Mbarara akuangalizie rilei, fyuzi na waya wa ardhi kabla hujafunga boksi, na mwambie pia akuongezee kikata joto cha kujitegemea kisichopitia Arduino, kinachokata umeme wa balbu joto likizidi. Rilei huganda ikiwa imewaka, na ikiganda hakuna mstari wa programu utakaoizima.